Ukuta Haujui Urefu wa Ziwa

Tarehe 22 Desemba 2022 handaki lililokuwa likiuchepusha Mto Rufiji lilifungwa, na maji yakaanza kupanda nyuma ya ukuta wa Bwawa la Julius Nyerere, pale mikoa ya Pwani na Morogoro inapopakana. Ukuta ule wa zege una kimo cha mita 131, na ukiupima juu kileleni kutoka ukingo hadi ukingo una urefu wa mita 1,025. Ziwa lililozaliwa nyuma yake limeingia porini makumi ya kilomita. Mtu akilitazama kwenye ramani hujiuliza mara moja: ukuta mmoja unawezaje kuzuia maji yote yale?

Ukweli ni kwamba hauyazuii yote. Maji yakiwa yametulia, ukuta unasukumwa kulingana na mambo mawili tu, yaani kina cha maji yanayougusa na ukubwa wa eneo yanaloligusa. Liondoe ziwa zima, ubakize mfereji wa upana wa mita 1 mbele ya ukuta, kisha ujaze mfereji huo maji hadi kina kilekile. Msukumo hautapungua hata kilo moja. Maji yaliyo kilomita 20 kutoka ukutani yamelala juu ya ardhi iliyo chini yake, na ardhi hiyo ndiyo inayobeba uzito wake. Ukuta haujui urefu wa ziwa.

Unachokijua ni kina, na hapo ndipo hesabu inapoanzia. Mita 1 ya ujazo wa maji ina uzito wa tani 1. Kwa hiyo mahali penye kina cha mita 1, kila mita ya mraba inabeba tani 1 ya maji juu yake. Penye kina cha mita 10, tani 10. Penye mita 120, tani 120. Kani hii inayoangukia kila mita ya mraba ndiyo kanieneo. Na kwa kuwa maji hayana umbo lake mwenyewe, kanieneo haielekei chini tu. Katika kina kimoja maji husukuma pande zote kwa nguvu ileile, hata pembeni, na yakigusa ukuta huusukuma moja kwa moja kwa pembe mraba. Hewa nayo inasukuma uso wa ziwa, lakini inasukuma pia upande wa pili wa ukuta, kwa hiyo zinafutana na hatuna haja ya kuihesabu.

Katika fizikia ya shule sheria hiyo huandikwa p = ρgy, ambapo y ni kina kutoka usoni, ρ ni densiti ya maji, kilo 1,000 kwa mita ya ujazo, na g ni mchapuko wa mvutano wa dunia, 9.81. Jibu hutoka katika paskali. Mimi nitaendelea na tani kwa sababu tarakimu zake zinasomeka kwa urahisi: kina katika mita ndicho kanieneo katika tani kwa mita ya mraba. Anayetaka niutoni azidishe kila tani kwa 9,810.

Sasa tukate ukuta. Chukua kipande chenye upana wa mita 1, kutoka juu hadi chini, mahali ambapo maji yana kina cha mita 120. Tuchukulie kwamba uso wa ukuta unaotazama ziwa umesimama wima kabisa. Kipande hiki kina eneo la mita za mraba 120. Kinasukumwa kwa tani ngapi?

Mtu mwenye haraka atazidisha eneo kwa kanieneo, lakini kanieneo ya wapi? Ya juu ni sifuri, ya chini ni tani 120. Akitumia ya chini atapata tani 14,400, na atakuwa ameudhani ukuta wote umezama kwenye kina cha mita 120. Kanieneo inabadilika kila unaposhuka, kwa hiyo kuzidisha mara moja hakutoshi. Lazima tuukate uso wa ukuta vipande vya kulala, ambavyo ndani yake kina karibu hakibadiliki, tuhesabu kila kimoja, kisha tujumlishe.

Tuvikate vinne, kila kimoja kimo cha mita 30. Cha juu kabisa kina kina cha mita 15 katikati yake, kwa hiyo kinapokea mita za mraba 30 mara tani 15, yaani tani 450. Cha pili katikati yake ni mita 45: tani 1,350. Cha tatu, mita 75: tani 2,250. Cha chini, mita 105: tani 3,150. Jumla ni tani 7,200, kwa upana wa mita 1 tu ya ukuta. Ni sawa na malori 240 yenye uzito wa tani 30 kila moja.

Angalia jinsi mzigo ulivyogawanyika. Vipande vyote vinne vina eneo sawa, lakini cha chini kinabeba mara saba ya kile cha juu. Robo ya chini ya ukuta imepokea tani 3,150 kati ya 7,200, karibu asilimia 44. Ndiyo maana kwenye matangi ya zamani ya mbao, yale yanayofungwa kwa pete za chuma, pete huwa zimeachana juu na zimekaribiana sana chini. Fundi anayepachika pete zile amegawa mzigo wa maji bila kuandika hata mstari mmoja wa hesabu.

Aliyeiweka hoja hii kwenye karatasi kwa ukamilifu alikuwa Simon Stevin, Mflemishi aliyechapisha kitabu chake cha elimu ya maji yaliyotulia mwaka 1586. Newton alikuwa hajazaliwa. Stevin alichukua ukuta wima, akaukata vipande vya kulala, kisha akafanya jambo la busara sana: kila kipande alikihesabu mara mbili. Mara ya kwanza alichukulia kwamba kipande chote kipo kwenye kina cha ukingo wake wa juu, hivyo jibu likawa dogo kuliko ukweli. Mara ya pili alichukulia kina cha ukingo wa chini, jibu likawa kubwa kuliko ukweli. Ukweli umebanwa katikati.

Tujaribu kwa ukuta wetu, tukilinganisha na zile tani 14,400 za mtu mwenye haraka. Kwa vipande 4, jibu dogo ni 6 kwa 16 ya kiasi hicho na jibu kubwa ni 10 kwa 16. Kwa vipande 10, ni 45 kwa 100 na 55 kwa 100. Kwa vipande 1,000, ni 0.4995 na 0.5005. Pengo linajifunga juu ya nusu, na hakuna namba nyingine inayoweza kukaa humo milele. Nusu ya 14,400 ni 7,200.

Intigrali ndiyo kazi hiyohiyo, ila vipande vimefanywa vyembamba kupita kiasi. Kipande kilicho kwenye kina y kina kimo kidogo mno tunachokiita dy, na upana b. Eneo lake ni b dy. Kanieneo juu yake ni ρgy. Kani yake basi ni ρgy b dy, na kuijumlisha kutoka usoni hadi chini kwenye kina h tunaandika:

F = ∫₀ʰ ρ g y b dy = ½ ρ g b h²

Alama ile ndefu ya ∫ inasema "jumlisha", na namba zilizo chini na juu yake zinasema anzia wapi na uishie wapi. Kuisoma hivyo kunaondoa nusu ya hofu. Nusu nyingine inaondoka mtu akikubali kwamba kazi kubwa imeshafanyika kabla ya alama hiyo kuandikwa: kuchagua kipande. Kimekatwa cha kulala kwa sababu kwenye mstari wa kulala kina ni kimoja. Ukikikata cha kusimama, ndani ya kipande kimoja utakuwa na kanieneo zote kutoka sifuri hadi 120, na umerudi pale ulipoanzia.

Ile h² ina uzito wake kwa watu wanaojaza bwawa. Maji yakifika mita 60, nusu ya kina, kila mita ya upana inasukumwa kwa tani 1,800, ambayo ni robo tu ya mzigo wa mwisho. Mita 10 za kwanza za maji huleta tani 50. Mita 10 za mwisho, kutoka 110 hadi 120, huleta tani 1,150. Kwa hiyo bwawa jipya lililojaa nusu halijajaribiwa nusu, na ndiyo maana mabwawa makubwa hujazwa kwa hatua, kina kikisimamishwa mahali fulani huku vipimo vikisomwa kabla ya kuruhusu maji yapande tena.

Hadi hapa upana ulikuwa mita 1, juu hadi chini. Mabonde hayako hivyo. Korongo ni jembamba chini na pana juu, kwa hiyo upana wa ukuta nao unabadilika kadiri unavyoshuka. Tuchukue bonde la mfano ambalo ni rahisi kuchora: mita 1,000 usoni pa maji, mita 100 chini, kina mita 120, kingo zilizonyooka. Kila ukishuka mita 1 upana unapungua mita 7.5. Kwenye kina y, basi, upana ni 1,000 − 7.5y, na huo ndio unaokwenda ndani ya intigrali mahali pa b. Kwa tani:

F = ∫₀¹²⁰ y (1000 − 7.5y) dy = 500 × 120² − 2.5 × 120³

Hiyo ni 7,200,000 kutoa 4,320,000, yaani tani 2,880,000. Kama bonde lingekuwa na kuta wima na upana wa mita 1,000 hadi chini, zingekuwa tani 7,200,000. Umbo la korongo limeondoa asilimia 60 ya mzigo, kwa sababu limepunguza eneo hasa pale ambapo kanieneo ni kali.

Hapa ndipo makosa hutokea, na ni makosa ya aina mbili. La kwanza ni kutumia upana wa wastani. Wastani wa 1,000 na 100 ni 550, ukizidisha kwa 7,200 unapata tani 3,960,000, zaidi ya milioni moja juu ya ukweli. Wastani unaupa upana wa juu na wa chini heshima sawa, wakati maji hayafanyi hivyo. La pili ni la hatari zaidi kwa sababu linajificha ndani ya hesabu iliyoandikwa vizuri: mtu anapima upana akianzia chini, 100 + 7.5y, halafu anapima kina akianzia juu, y. Herufi ni moja lakini imebeba maana mbili. Jibu linatoka tani 5,040,000. Ukitaka kuanzia chini unaruhusiwa kabisa, lakini basi kina kiwe 120 − y, na utapata 2,880,000 ileile. Njia ya kujikagua ni rahisi. Kwa bonde linalobana chini, jibu sahihi lazima liwe dogo kuliko lile la upana wa wastani. Tani 5,040,000 zimevuka hapo, kwa hiyo kuna kitu kimepinduliwa.

Kujua ukubwa wa msukumo ni nusu ya kazi. Ukuta wa aina hii husimama kwa uzito wake wenyewe, na mhandisi anataka kujua maji yanasukuma kwa urefu gani kutoka chini, maana anayesukuma kabati kwa juu huliangusha na anayelisukuma kwa chini hulitelezesha. Turudi kwenye kipande chetu cha mita 1. Kila kipande kidogo kwenye kina y kiko juu ya msingi kwa mita h − y, kwa hiyo tunazidisha kani yake kwa umbali huo kisha tunajumlisha. Intigrali ya y(h − y) inatoa h³/6. Kwa mita 120 ni tani-mita 288,000 zinazojaribu kuupindua ukuta. Ukigawa kwa tani 7,200 unapata 40: msukumo wote unafanya kazi kana kwamba umekusanyika mita 40 juu ya msingi, theluthi moja ya kina. Na sasa ni h³, maana yake ukiongeza kina mara mbili, jaribio la kupindua linaongezeka mara nane.

Ukuta unajibu kwa zege. Zege lina uzito wa takriban tani 2.4 kwa mita ya ujazo. Mkato wa kawaida ni pembetatu yenye upande mmoja wima unaotazama ziwa na tako pana chini. Tako likiwa na upana B, uzito wa kipande chetu ni tani 144B, na unashuka kwenye mstari ulio theluthi ya B kutoka upande wa maji. Kanuni ya wahandisi ni kwamba uzito na msukumo vikiunganishwa, mstari wake lazima uangukie ndani ya theluthi ya katikati ya tako. Ukitoka nje kuelekea chini ya mto, kisigino cha upande wa ziwa kinaacha kubanwa na kinaanza kuvutwa, na zege halipendi kuvutwa. Linapasuka. Ukifanya hesabu, 48B² lazima ifikie 288,000, na B inatoka karibu mita 77.5.

Karne ya 19 wahandisi wengi waliishia hapo. Walisahau kwamba maji yanaingia pia chini ya ukuta. Yanapenya kwenye nyufa za mwamba na kwenye maungio, na yakiwa huko yanasukuma kuelekea juu kwa kanieneo ileile ya kina. Kwenye kisigino kanieneo hiyo inaweza kuwa tani 120 kwa mita ya mraba, ikipungua hadi sifuri upande wa pili. Jumla yake ni nusu ya 120 mara B, tani 60B, zinazojaribu kuuinua ukuta. Kwa tako la mita 77.5, uzito wa tani 11,160 unabaki na nguvu ya tani 6,510 tu, wakati msukumo wa pembeni ni tani 7,200. Ili kurudi kwenye kanuni ya theluthi, tako linatakiwa kufika karibu mita 101.

Bwawa la Bouzey, karibu na mji wa Épinal mashariki mwa Ufaransa, lilifundisha jambo hili kwa maisha ya watu. Ulikuwa ukuta wa mawe uliojengwa ili kuupatia maji mfereji wa meli, wenye kimo cha mita 20 na ushei. Mwaka 1884, maji yalipopanda, sehemu ndefu ya ukuta ilisogea kwenye msingi wake na uvujaji ukaongezeka. Chini pakaimarishwa, kwa sababu chini ndiko dalili zilikoonekana. Sehemu ya juu iliachwa na wembamba wake. Asubuhi ya tarehe 27 Aprili 1895 ukuta ulikatika juu ya pale palipoimarishwa, maji yakashuka bondeni, na watu zaidi ya 80 wakafa.

Kila kina cha ukuta ni msingi wa sehemu iliyo juu yake. Intigrali ileile lazima ifanywe upya kwa kina cha mita 5, mita 10, mita 15, na kila mara mhandisi aulize kama unene uliopo hapo unatosha, maji yakiwa yameingia kwenye ungio. Baada ya Bouzey, Mfaransa Maurice Lévy alipendekeza kwamba mbano wa ukuta kwenye uso wa maji usiwe chini ya kanieneo ya maji mahali hapo, ili ufa usipate nafasi ya kufunguka na kunywa maji. Ufa ukishakunywa, kani ya kuinua inaongezeka, ufa unarefuka, na kani inaongezeka tena.

Leo hakuna anayejenga tako la mita 101 kwa sababu ya kani hiyo peke yake. Ndani ya mabwawa makubwa ya zege kuna ujia wa kupita watu, karibu na kisigino, na kutoka humo hutobolewa matundu ya kuchujia maji kwenda chini mwambani. Maji yanayopenya yanaingia kwenye matundu na kutoka kwa mfereji, kwa hiyo yanapoteza kanieneo kabla ya kufika katikati ya tako. Tuseme matundu yamepunguza kani ya kuinua kwa nusu, kutoka tani 60B hadi 30B. Hesabu ileile sasa inatoa tako la karibu mita 87. Zile mita 14 zilizopungua ni takriban mita za ujazo 840 za zege kwa kila mita moja ya ukuta, pale bonde lilipo na kina kikubwa zaidi.

Lakini punguzo hilo lipo mradi tu matundu yanafanya kazi. Maji yanayopita kwenye zege huyeyusha chokaa, na chokaa huganda ndani ya matundu na kuyaziba taratibu. Ndiyo maana watunza bwawa hushuka ujiani kusoma vitu viwili kwa pamoja: kiasi cha maji kinachotoka kwenye matundu, na kanieneo kwenye vipimio vilivyofukiwa chini ya tako. Maji yakiongezeka ghafla wakati kina cha ziwa hakijabadilika, kuna ufa umefunguka. Yakipungua huku vipimio vinapanda, matundu yameziba, na kazi inayofuata ni kuleta mashine ya kutoboa na kuyazibua kabla ya mvua za masika kulijaza ziwa.